UZI: Kwa nini mshahara huondoa manung'uniko lakini haujengi ari ya kudumu? Tuichambue nadharia ya Herzberg

Mzani

Wakuu, salaam. Kila mjadala wa motisha kazini hugawanyika pande mbili: hawa wanasema pesa ndiyo kila kitu, wale wanasema pesa si kitu. Nadharia ya vipengele viwili ya Frederick Herzberg haisemi hili wala lile. Tuirudie kuanzia mwanzo wake, maana wengi tumeijua kupitia jedwali lenye safu mbili na kuishia hapo.

Herzberg na wenzake walichapisha utafiti wao mwaka 1959. Waliwahoji wahandisi na wahasibu 203 wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Hawakuwapa orodha ya mambo ili wayapange kwa umuhimu. Walimwambia mtu akumbuke wakati aliojisikia vizuri kupita kawaida kazini, asimulie nini kilitokea, hali ile ilidumu kwa muda gani, na ilibadilisha nini katika utendaji wake. Kisha wakamwomba asimulie na wakati aliojisikia vibaya kupita kawaida.

Masimulizi ya furaha yalijaa mafanikio, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana na kupanda cheo. Ya machungu yalijaa sera za kampuni, usimamizi, na jinsi watu wanavyotendewa. Hapo ndipo Herzberg alipotoa dai lake kubwa: kuridhika na kutoridhika si ncha mbili za mstari mmoja. Ni mistari miwili. Ukimwondolea mtu kinachomuudhi, anafika sifuri. Hana manung'uniko, lakini hajawa na hamu. Hamu inatoka kwenye mstari wa pili, na vinavyousogeza mstari huo ni vitu vingine kabisa.

Alizoea kulinganisha na afya ya jamii: maji safi yanakukinga na maradhi, ila hayakupi nguvu za kukimbia mbio. Mshahara aliuweka kundi hilo la kinga.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Ukihesabu tu, mshahara ulitajwa katika asilimia 15 ya masimulizi ya furaha na asilimia 17 ya masimulizi ya machungu. Karibu sawa! Kwa hesabu hiyo peke yake huwezi kuuweka upande wowote. Kilichoamua ni namna ulivyotajwa. Kwenye machungu, mara nyingi watu hawakulalamikia kiasi cha mshahara wenyewe. Walilalamikia utaratibu wa nyongeza: imetolewa kwa shingo upande, imechelewa, au aliyeajiriwa juzi analipwa karibu sawa na mkongwe. Kwenye furaha, pesa ilikuja pamoja na kazi iliyofanywa vizuri, ikiwa ushahidi kwamba kazi ile imeonekana. Kwa hiyo hata pale pesa ilipofurahisha, kilichofurahisha ni ujumbe uliobebwa na pesa.

Karibuni tuichambue.

---

Chuma Ulete

Yaani mkuu unataka kuwaambia mabosi wasiongeze mishahara kwa sababu haileti motisha? Nadharia za namna hii ndizo zinazotumika kuwanyonya watu. Mtu analipwa kiduchu halafu anapewa cheti cha mfanyakazi bora.

---

Mzani

Chuma Ulete, hasira yako naielewa, lakini umeisoma kinyume. Nadharia inasema mshahara mbovu unaleta kutoridhika, na mtu asiyeridhika anaondoka, anachelewa, anagoma, au anabaki akifanya kazi ya kuepuka lawama tu. Cheti cha mfanyakazi bora hakiwezi kuziba pengo hilo kwa sababu cheti kiko kwenye mstari mmoja na mshahara uko kwenye mwingine. Mwajiri anayelipa kiduchu kisha akagawa vyeti amevunja nadharia hii upande wa kwanza kabisa.

Inachomwambia mwajiri ni hiki: lipa vizuri na kwa haki, ukitegemea kupata kile ambacho malipo yanaweza kukupa. Usitegemee zaidi ya hapo.

---

Kokotoa

Niongeze kwa nini athari ya nyongeza hufifia, maana watu husema tu "wanazoea" bila kuonyesha kinachotokea.

Tuseme mfanyakazi analipwa 100 na anaamini anastahili 115. Pengo hilo la 15 ndilo manung'uniko yake. Unampandishia hadi 120. Mwezi wa kwanza pengo limefungwa na limezidi kidogo, ana furaha ya wazi. Ila ndani ya miezi michache mambo mawili yanasogea kimyakimya. La kwanza, matumizi yake. Ile 20 imeshapata kazi nyumbani, imekwenda kwenye kodi ya nyumba bora zaidi au ada, na sasa 120 ndiyo inayohitajika ili maisha yaende. La pili, watu anaojilinganisha nao. Alipokuwa kwenye 100 alijipima na wa 110. Akiwa kwenye 120 anajipima na wa 135. Kile anachoamini anastahili kimehama kutoka 115 hadi, tuseme, 125. Pengo limerudi, ingawa hakuna aliyemkata hata senti.

Herzberg aliliona hili: kwenye vitu vya kinga, sifuri yenyewe hupanda. Nyongeza ya jana ndiyo kiwango cha chini cha leo. Na mwaka unaofuata ukimpa nyongeza ya 10 badala ya 20, anaihesabu kuwa ni pungufu, ijapokuwa ameongezewa.

Ukitazama upande wa pili, haiko hivyo. Mtu aliyepewa dhamana ya kazi nzima, anayeamua na kuona matokeo ya uamuzi wake, haamki mwezi wa sita akiwa ameizoea kwa namna hiyo, kwa sababu kila kazi mpya inaleta tatizo jipya la kutatua. Katika utafiti ule wa 1959, hisia nzuri zilizodumu kwa muda mrefu zilihusishwa zaidi na kazi yenyewe, dhamana na kupanda cheo. Kutambuliwa kulitajwa sana, lakini hisia zake zilikuwa za muda mfupi zaidi. Sifa nazo huisha, hilo tusilifiche.

---

Bi Zamu

Nashukuru kwa uzi huu, umenigusa penyewe. Nasimamia makarani wanaohakiki fomu za madai. Malalamiko ya mshahara yalikuwa mengi, uongozi ukakubali na wakaongezewa wote kwa kiwango kimoja. Utoro ukapungua, maombi ya kuhama yakakoma, kelele zikaisha. Lakini fomu zinazorudishwa kwa makosa ni zilezile, na nikipita mezani naona mtu anagonga mihuri bila kusoma. Bosi wangu anasema nyongeza ilikuwa hasara. Ni kweli?

---

Mzani

Si hasara, dada. Tazama ni vipimo gani vilivyosogea. Utoro, kuhama na malalamiko ni vipimo vya kutoridhika, na vyote vimeshuka. Nyongeza imefanya kazi yake yote. Makosa kwenye fomu ni kipimo cha mtu kuijali kazi yenyewe, na hakuna chochote katika kazi yenyewe kilichobadilishwa. Bosi wako alilipia kitu kimoja, akategemea kupata viwili.

Kuna utafiti mmoja mkubwa unaofanana na hali yako. Indonesia, kufuatia sheria ya walimu ya mwaka 2005, walimu waliothibitishwa walianza kupewa posho iliyoongeza mshahara wao wa msingi maradufu. Watafiti wakachukua shule 360, na katika shule 120 zilizopatikana kwa bahati nasibu, walimu wenye sifa wakaingizwa mapema bila kusubiri foleni. Baada ya miaka miwili na mitatu wakalinganisha. Walimu wa shule zile walikuwa wameridhika zaidi na kipato, walipungukiwa na mawazo ya fedha, na wachache zaidi walikuwa na kazi ya pembeni. Alama za wanafunzi wao hazikuwa na tofauti na za shule nyingine. Matokeo yalichapishwa 2018.

Mshahara mara mbili ni kiasi kikubwa mno, kwa hiyo huwezi kusema nyongeza ilikuwa ndogo. Ilitibu dhiki kweli. Ila siku ya mwalimu darasani ilibaki kama ilivyokuwa.

---

Mpangaji

Bi Zamu, suluhisho lako ni rahisi. Kazi yao inachosha kwa sababu ni ileile. Wachanganyie: asubuhi fomu za madai, mchana waingize data, Ijumaa wapange majalada. Wakiwa na kazi za aina nyingi watachangamka. Huko ndiko kuirutubisha kazi anakokusema Herzberg.

---

Kokotoa

Mpangaji, uko sahihi kwamba tatizo liko kwenye kazi yenyewe. Lakini dawa uliyotoa ni ileile ambayo Herzberg aliikataa waziwazi. Kuongeza kazi nyingine zisizo na maana pembeni ya kazi isiyo na maana aliita kupanua kwa ulalo, na kwa maneno yake ni kujumlisha sifuri na sifuri. Karani atagonga mihuri asubuhi, mchana atanakili namba, na bado hakuna mahali anapoamua kitu wala kuona matokeo yake.

Alichotaka ni kuongeza kwa wima: shusha kwa mfanyakazi sehemu ya uamuzi uliokuwa kwa msimamizi. Kipimo chepesi cha kutofautisha ni kuuliza: baada ya mabadiliko, je, kuna uamuzi ambao jana ulihitaji saini ya msimamizi na leo unaishia kwa karani? Kama haupo, umepanua tu.

---

Mpangaji

Sawa mkuu, nimekupata. Ila mchanganyo nao unapunguza uchovu wa kurudiarudia, hilo usilikatae.

---

Kokotoa

Silikatai. Unapunguza kero. Ndiyo maana nauweka upande wa kinga.

---

Mzani

Tulipofika hapa inafaa kulieleza jaribio lililo kwenye makala ya Herzberg ya mwaka 1968 katika Harvard Business Review, kwa sababu liko karibu sana na kazi ya Bi Zamu.

Kampuni moja kubwa ilikuwa na waandishi wa barua waliojibu maswali ya wenye hisa. Walichaguliwa kwa makini na kufundishwa vizuri, na kwa maelezo ya ajira kazi ilionekana ngumu na ya kuvutia. Lakini utendaji ulikuwa chini, na waliokuwa wakiacha kazi walipohojiwa ilibainika kwamba ule ugumu wa kuvutia ulikuwa wa maneno tu. Unaelewa kwa nini ukitazama barua ilivyosafiri: mwandishi anaandika, msimamizi anahakiki neno kwa neno, msimamizi anasaini, ndipo inatoka. Barua ikiwa nzuri, jina lililo chini si la aliyeiandika.

Katika kundi la jaribio mabadiliko yaliingizwa hatua kwa hatua, wiki baada ya wiki. Kwanza, kila kitengo kilipewa wajuzi wa mada fulani miongoni mwa waandishi wenyewe, ili mwenye swali gumu aende kwa mwenzake kabla ya kwenda kwa msimamizi. Kisha waandishi wakaanza kusaini barua kwa majina yao. Kwa wale wenye uzoefu, uhakiki ukashushwa kutoka asilimia 100 hadi 10, na ukafanyika mezani kwa mwandishi mwenyewe. Barua zikaenda moja kwa moja chumba cha posta bila kupita kwa msimamizi. Wakahimizwa kuacha violezo na kumjibu mwenye hisa kwa namna inayolingana na swali lake. Na mwisho kila mmoja akawajibika binafsi kwa ubora na usahihi wa barua zake.

Malipo hayakuguswa, isipokuwa nyongeza za kawaida ambazo zingetolewa hata bila jaribio. Hiyo ilikuwa makusudi, ili ijulikane kilicholeta tofauti. Tena kulikuwa na kundi la kulinganisha lisilobadilishwa chochote, na makundi mengine mawili yaliyowekwa ili isisemwe watu wamechangamka kwa sababu tu wameangaliwa. Baada ya miezi 6, kundi la jaribio lilikuwa linawapita wenzao kwa utendaji, na watu walisema wanaipenda kazi yao zaidi ya awali.

Makala hiyohiyo inaonya kuhusu mambo mawili. Wiki chache za mwanzo utendaji unaweza kushuka, kwa sababu mtu anajifunza kuamua. Na wasimamizi wa ngazi ya chini watapata wasiwasi, hata chuki, kwa kuwa kazi waliyoijua ya kuhakiki imeondoka mikononi mwao. Jaribio la aina hii linaweza kufia hapo. Takwimu zimeshuka, msimamizi anaona aibu, anarudisha uhakiki wa kila kitu. Makarani nao wanajifunza kwamba dhamana ile haikuwa yao.

---

Daftari

Mzani umeeleza vizuri, ila naona mnaipa nadharia hii ushindi mapema mno. Nina pingamizi mbili.

Ya kwanza ni ya njia ya utafiti. Victor Vroom aliieleza tangu 1964. Ukimwomba mtu asimulie alipofanikiwa, atajitaja yeye: nilifanya, nilipewa, nilitambuliwa. Ukimwomba asimulie alipoumia, atataja wengine: sera, bosi, mshahara. Ndivyo binadamu tulivyo, tunajipa sifa na kuwatupia wengine lawama. Kwa hiyo mistari miwili inaweza kuwa imezaliwa na swali lenyewe. Na watafiti waliotumia njia nyingine, kama vile dodoso la kupima viwango, mara nyingi hawakupata mgawanyo safi namna ile.

Ya pili ni ya malipo yenyewe. Edward Lazear alichunguza Safelite, kampuni ya kufunga vioo vya magari Marekani, ilipohama kutoka kulipa kwa saa kwenda kulipa kwa kila kioo kilichofungwa, huku ikiacha kiwango cha chini ambacho mtu hashuki. Tija kwa kila mfanyakazi ilipanda kwa asilimia 44. Karibu nusu ya ongezeko hilo ilitokana na watu walewale kufunga vioo vingi zaidi. Nusu nyingine ilitokana na mambo kama wenye kasi kuvutiwa kujiunga. Utafiti ulichapishwa 2000. Sasa hiyo ni pesa, na imewasogeza watu. Mnaiweka wapi?

---

Chuma Ulete

Hapo Daftari umeongea! Nilijua tu pesa inafanya kazi.

---

Mzani

Pingamizi la kwanza lina uzito na siwezi kulifuta. Ningesema tu kwamba halielezi kila kitu. Kama watu wangekuwa wanajipa sifa tu, pesa waliyojipatia kwa bidii ingejaa kwenye masimulizi ya furaha kama tuzo yao. Badala yake ilikuja mara chache, na ilipokuja ilikuwa kivuli cha mafanikio. Lakini nakubali, mwenye kuitetea nadharia hii hawezi kuegemea mahojiano yale peke yake.

Kuhusu vioo vya magari, tazama mazingira. Kazi moja, mtu mmoja, kioo kinahesabika, na kikifungwa vibaya inajulikana ni nani amekifunga. Malipo pale yanamwambia mtu kila siku amefanya kiasi gani. Herzberg angeyaita hayo msukumo unaotoka nje: mtu anasogea kwa sababu ya kioo kinachofuata, na ukiondoa malipo ya kioo anarudi alipokuwa. Yeye alitaka mtu anayesogea hata pale hakuna anayehesabu.

Na nyongeza ya Bi Zamu au ya walimu wa Indonesia ilikuwa ya kudumu na haikufungwa na kitu chochote cha kesho. Ukishaingia kwenye orodha, unalipwa ufanye vizuri au vibaya. Malipo ya aina hiyo ndiyo Herzberg alikuwa akiyazungumzia zaidi.

---

Daftari

Hapo ndipo sikubaliani bado. Kama kila malipo yanayofanya kazi utayaita "msukumo tu" na kila yasiyofanya kazi utayaita "kinga," nadharia haiwezi kushindwa kamwe. Mimi ningesema kwa unyenyekevu zaidi: nyongeza isiyofungamana na kazi haijengi ari, na malipo yanayofungamana na kazi yanafanya kazi pale tu kazi inapohesabika kwa uaminifu. Karani wa Bi Zamu akilipwa kwa kila fomu atagonga mihuri haraka zaidi, na makosa yataongezeka.

---

Mzani

Kwa sentensi yako ya mwisho tuko pamoja kabisa.

---

Daftari

Kwa haki niseme na linaloisaidia nadharia. Chuo Kikuu cha California ni cha umma, na mwaka 2008 gazeti moja liliweka mishahara ya wafanyakazi wa serikali ya jimbo mtandaoni. Watafiti wakawatumia barua pepe baadhi tu ya wafanyakazi wa chuo, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kuwajulisha kuhusu tovuti ile. Baadaye wakawauliza wote maswali kuhusu kuridhika na kazi. Waliojulishwa na kukuta wanalipwa chini ya mtu wa katikati katika kitengo chao walishuka kuridhika, na walisema zaidi kwamba watatafuta kazi nyingine. Waliojikuta juu ya mtu wa katikati hawakupanda.

Hapo watu hawakuhojiwa kuhusu kumbukumbu za furaha, kwa hiyo pingamizi la Vroom haliingii. Habari ileile, kuhusu mshahara uleule, inaumiza upande mmoja na haifurahishi upande wa pili. Hii ndiyo tabia ya kitu cha kinga. Na angalia kwamba hakuna mshahara uliobadilika hata kidogo. Kilichouma ni ulinganisho.

---

Kokotoa

Asante kwa hiyo, Daftari. Inamrudisha Bi Zamu kwenye jambo moja. Dada, umesema wote waliongezewa kwa kiwango kimoja. Je, kulikuwa na wakongwe waliokuwa wakilalamika kwamba wageni wanalipwa karibu sawa nao?

---

Bi Zamu

Ndiyo, na malalamiko hayo ndiyo pekee yaliyobaki. Wakongwe wanasema wameongezewa, ila wageni pia, kwa hiyo wao wako palepale.

---

Kokotoa

Basi kinga haijakamilika. Tuseme mgeni alikuwa kwenye 100 na mkongwe kwenye 110. Mmeongeza 20 kwa kila mmoja, sasa ni 120 na 130. Kabla, mkongwe alimzidi mgeni kwa asilimia 10. Sasa anamzidi kwa takriban asilimia 8. Mmeongeza pesa na mkapunguza tofauti ileile inayomuuma. Kwa wakongwe, tatizo ni ngazi, na pesa zaidi kwa wote itaendelea kulipunguza pengo hilo kwa asilimia. Pangeni ngazi za uzoefu ziwe wazi, kila mtu ajue anapandaje na lini. Kiasi kidogo kinachotolewa kwa wakati na kwa kanuni inayojulikana kinanyamazisha zaidi kuliko kikubwa kinachotoka ghafla bila maelezo.

---

Bi Zamu

Nimeelewa. Swali langu la mwisho: nikifuata jaribio la barua, nikawapa wakongwe kusaini fomu wenyewe, je, hawatasema nimewaongezea mzigo bila malipo? Nikiwaza tu nasikia sauti zao.

---

Mzani

Herzberg hakugusa malipo kwa sababu alikuwa anapima. Wewe hupimi, unaendesha ofisi. Maoni yangu: anza na kazi, malipo yafuate. Ukiitangaza dhamana pamoja na nyongeza siku moja, watu watakumbuka nyongeza tu, na ile dhamana wataiona kama kitu walichouziwa. Wape kusaini kwanza, kwa miezi mitatu au minne. Ikishakuwa kazi yao kweli, ngazi ya mshahara itambue kwamba wanabeba uamuzi.

---

Daftari

Mimi ningefanya kinyume. Katika ofisi ambayo imetoka kugombania mishahara, dhamana bila malipo itasomeka kama ujanja hata kama nia ni safi, na hisia hiyo ikishaingia hupati nafasi ya pili. Waandikie mapema: atakayebeba saini atapanda ngazi tarehe fulani. Kisha dhamana ianze. Pia nisingefuata ushauri wa Herzberg wa kutowashirikisha wahusika wenyewe katika kupanga mabadiliko. Aliogopa kwamba ushirikishwaji unaleta msisimko wa muda unaochafua matokeo. Kwa mtafiti sawa. Kwa msimamizi, makarani wenyewe ndio wanaojua ni fomu zipi hazihitaji macho ya pili.

---

Mzani

Kwenye kuwashirikisha umenishawishi. Kwenye mpangilio wa malipo bado nashikilia langu, ila nakubali kwamba inategemea imani iliyopo ofisini, na hilo Bi Zamu analijua kuliko sisi.

---

Bi Zamu

Imani haijawa kubwa, kwa hiyo nitaongea na uongozi ngazi iandikwe kwanza, kama alivyosema Daftari. Halafu nianze na wakongwe kwenye fomu za madai madogo. Ila fomu ikirudi na kosa, na imesainiwa na karani, nani anaitwa? Hadi sasa ninaitwa mimi.

---

Kokotoa

Hapo ndipo pa kuangalia sana. Fomu iliyorudishwa iende moja kwa moja mezani kwa aliyesaini, na barua ya maelezo ya kosa iwe kwa jina lake. Wewe upate nakala mwisho wa wiki, si siku hiyohiyo. Ukiipokea wewe kwanza ukampelekea, hata kwa upole, imeshakuwa fomu yako tena. Na fomu iliyopita bila kosa, mdai akishalipwa, taarifa nayo impate karani. Sasa hivi anaona zinazorudi tu. Zilizofika salama hazioni kamwe.

Pima vitu viwili tofauti, usivichanganye: utoro na malalamiko upande mmoja, makosa na maswali anayouliza karani kuhusu fomu upande mwingine. Chukua kipimo kabla hujaanza, kisha mwezi wa pili, kisha wa sita. Makosa yakipanda wiki za mwanzo, usirudishe uhakiki wa fomu zote. Chukua fomu 1 kati ya 10, kaa naye mezani kwake, muisome pamoja.

---

Mpangaji

Mkuu Kokotoa, na wale ambao hawataki kusaini? Wapo watu wanaotaka kufanya kazi yao, walipwe, warudi nyumbani. Nadharia inasemaje juu yao?

---

Daftari

Hilo ni swali zuri, na ni sehemu ambayo nadharia hii inalegalega. Ilijengwa kwa wahandisi na wahasibu, ikapelekwa kwa kila mtu. Bi Zamu, wasiotaka usiwalazimishe mwezi wa kwanza. Tuambie baadaye ni wangapi walibadili mawazo baada ya kuona wenzao wanasaini, na ni wangapi hawakubadili.